Lifti imesimama: namna ya kuandika tangazo linalomsaidia mgeni

Tangazo hili umeshaliona. Mimi nimeshaliandika, kwa mikono yangu, nikiwa msimamizi wa mapokezi kwenye hoteli moja ya ghorofa saba pale Kariakoo:

> TANGAZO
> WAGENI WOTE MNATAARIFIWA KUWA LIFTI HAIFANYI KAZI KUTOKANA NA HITILAFU ZILIZO NJE YA UWEZO WETU. MAFUNDI WANAENDELEA NA MATENGENEZO. TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU WOWOTE UTAKAOJITOKEZA.
> UONGOZI

Saa 7 mchana siku hiyo alirudi mama mmoja wa chumba 604. Alikuwa amekuja kutoka Songea kwa ajili ya kliniki ya magoti pale Muhimbili, na mkononi alikuwa na mfuko wa dawa. Akasimama mbele ya karatasi yangu, akaisoma yote, kisha akanigeukia: "Mwanangu, sasa mimi napandaje? Inapona saa ngapi? Au nikae hapa nisubiri?"

Usumbufu niliouita "utakaojitokeza" ulikuwa umeshajitokeza, umekaa kwenye sofa mbele yangu na magoti yake. Na maswali yake matatu, karatasi yangu haikujibu hata moja. Tangu hapo kila tangazo ninaloandika nalipima kwa maswali ya yule mama: napitaje, nisubiri hadi lini, na nikishindwa nimwone nani. Mengine ni mapambo.

Kabla ya karatasi

Lifti ikisimama, kwanza hakikisha hakuna mtu ndani. Gonga mlango, ita kwa sauti, piga simu ya dharura ya ndani kama ipo. Akiwepo mtu, mwambie akae mbali na mlango na asijaribu kuufungua, mpigie fundi lifti wenu, na ukiona fundi yuko mbali au aliyemo ndani anaumwa, piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji. Vijana wa mapokezi wasipanue mlango kwa bisibisi. Kibanda kikiwa kimesimama katikati ya ghorofa mbili, chini yake kuna shimo wazi, na watu hutumbukia humo wakijaribu kuruka nje.

Ukimpigia fundi, mpe mambo matatu: imesimama ghorofa ya ngapi, mlango uko wazi au umefungwa, na kioo cha namba kinaonyesha nini. Ukimwambia tu "lifti imekufa, njoo", atakuja na begi la vifaa vya jana.

Halafu bandika karatasi ya kwanza, ndani ya robo saa. Usimsubiri fundi afike ndipo uandike. Katika ile robo saa kuna watu ghorofa ya sita wanabonyeza kitufe na kusubiri kitu ambacho hakiji.

Muda: sehemu ngumu kuliko zote

Wengi wetu tunakwepa kuandika saa kwa sababu tunaogopa kuumbuka. Ndiyo maana ya ile "hadi mtakapotangaziwa tena". Lakini mgeni anayesoma hivyo hajui aende mjini arudi jioni, au ahame hoteli. Dawa yake ni kujua kwamba kuna aina mbili za saa unazoweza kuandika. Ya kwanza ni saa ya lifti kufanya kazi. Ya pili ni saa ya taarifa inayofuata. Ya kwanza iko mikononi mwa fundi, ya pili iko mikononi mwako. Kama huna ya kwanza, andika ya pili. Hiyo huwezi kukosa kuitimiza, maana ni wewe tu na kalamu.

Kujua uko kwenye aina ipi, muulize fundi maswali haya akishaangalia: Umeshaona tatizo, au bado unatafuta? Kifaa unacho, kiko dukani hapa mjini, au kinaagizwa? Ukishafunga, utaijaribu kwa muda gani? Fundi akijibu "mchana itakuwa tayari" bila kuwa na jibu la swali la kwanza, hiyo ni dua tu. Usiibandike ukutani.

Ukikaa na mafundi muda mrefu unaanza kukisia mwenyewe. Kesi nyingi za kila siku ni za milango. Kijiwe, sarafu au mchanga ukidondoka kwenye mfereji wa chini ambamo mlango hupita, mlango haufungi hadi mwisho, na lifti yoyote salama hukataa kuondoka mlango ukiwa haujafunga. Kariakoo tunalijua hili vizuri, mabegi ya magurudumu yanaleta nusu ya mtaa ndani ya kibanda. Hiyo ni kazi ya dakika, ya brashi na kitambaa. Mkanda au rola ya mlango ikichakaa, ni kazi ya saa kadhaa kama kifaa kipo. Bodi ya umeme ikiungua, hapo hesabu siku, na kama inatoka nje ya nchi hesabu wiki.

Kuna moja inayowachanganya wageni: taa zote zinawaka lakini lifti imesimama kwa sababu ya umeme. Lifti nyingi za majengo yetu hutumia umeme wa fezi tatu, na kuna kifaa kinachozikagua. Fezi moja ikikatika, kinaizima lifti ili mota isiungue, huku taa za vyumba vilivyo kwenye fezi nyingine zikiendelea kuwaka. Mgeni akisoma "hitilafu ya umeme" chini ya taa inayowaka anaona anadanganywa. Basi andika hivyo hivyo ilivyo: "Fezi moja ya umeme imekatika. Taa zinawaka, lakini lifti haiwezi kutembea."

Fundi akishakupa saa yenye msingi, ongeza kidogo. Akisema saa 8, mimi huandika saa 10. Si uongo. Fundi huhesabu hadi skrubu ya mwisho, lakini baada ya hapo lifti inatakiwa ipande na kushuka tupu, isimame kila ghorofa, mlango ufunge na kufunguka mara kadhaa, ndipo aingie mtu. Usiongeze nusu siku kwa kujihami, kwa sababu mgeni atafanya uamuzi kwa saa uliyoandika, na wa ghorofa ya pili atahama bure.

Kuandika saa ili isisomwe vibaya

Hapa Dar saa ina lugha mbili. Ukiandika "saa 10" peke yake, mtu wa Mbagala anasoma jioni, na mfanyabiashara aliyetoka Lusaka anasoma asubuhi ya kuelekea mchana. Wote wawili wako sahihi na wote watakulaumu. Andika zote pamoja: saa 10 jioni (16:00). Hata kwenye karatasi ya Kiswahili tupu, weka tarakimu za saa ishirini na nne pembeni.

La pili ni "leo" na "kesho". Karatasi iliyobandikwa Alhamisi ikisema "kesho asubuhi", Ijumaa bado inasema kesho asubuhi, na hivyo hivyo Jumamosi. Andika siku na tarehe. Na usiku wa manane uukwepe kabisa. "Alhamisi saa 6 usiku" kuna atakayeuhesabu usiku wa Jumatano na kuna atakayeuhesabu wa Alhamisi. Kama kazi inaisha usiku wa manane, andika kwamba lifti itakuwa tayari Ijumaa saa 12 asubuhi (06:00), kwa sababu hakuna anayeihitaji kabla ya hapo isipokuwa wa ndege ya alfajiri, na huyo utaongea naye mwenyewe.

Kila karatasi iwe na saa iliyoandikwa, juu kabisa. Mgeni akiona "Imeandikwa saa 1:35 asubuhi" na sasa ni saa 9, anajua taarifa imelala.

Njia mbadala: "tumia ngazi" haitoshi

Ngazi ziko wapi? Kwenye majengo mengi ya Kariakoo na Posta ngazi zimefichwa nyuma ya mlango mzito usio na kibao, na mgeni aliyepanda lifti tangu siku ya kwanza hajawahi kuziona. Taja mlango kwa alama inayoonekana: "mlango wa kijivu, kulia kwa mapokezi". Kisha nenda uzihesabu. Kwetu zilikuwa vidato 18 kila ghorofa, kwa hiyo hadi ghorofa ya sita ni vidato 108. Mama wa 604 angeisoma namba hiyo angejua papo hapo kwamba hawezi, bila kupanda hadi ya tatu kwanza ndipo ajue. Ukiwa huko huko, washa kila taa ya ngazi uone kama inawaka. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, mbili zilikuwa zimekufa.

Baada ya njia, mizigo. Andika kwamba vijana wenu watabeba, na andika "bila malipo". Usipoandika, mgeni wa Kariakoo aliyezoea wachukuzi wa sokoni atadhani kuna bei, na atajibebea mwenyewe akikununia.

Halafu wasioweza kupanda kabisa: mwenye kiti cha magurudumu, mjamzito aliyekaribia, mzee, aliyetoka hospitali. Kwa hawa ngazi si njia mbadala, na tangazo lenye ngazi peke yake linawaambia wajitegemee. Weka sentensi moja inayowapa uamuzi: "Kama kupanda ngazi ni shida kwako, piga 0 kwa simu ya chumbani au njoo mapokezi, tutakuhamishia chumba cha chini." Kabla ya kuiandika, shika kitabu cha vyumba uone una vyumba vingapi vya ghorofa ya kwanza na ya pili, kisha uvizuie visiuzwe kwa mgeni mpya. Ahadi ya chumba ambacho hakipo ni mbaya kuliko ukimya. Na usiandike kwamba mtambeba mgeni na kiti chake. Hilo huamuliwa na yeye, ana kwa ana.

Lifti ya mizigo usiitaje kamwe kama njia ya wageni, isipokuwa kama imetengenezwa na kukaguliwa kwa kubeba watu. Nyingi hazina mlango wa ndani.

Tena kuna kitu husahaulika: lifti ikifa, kuna huduma inayokufa nayo. Mgahawa wetu ulikuwa juu kabisa, ghorofa ya saba. Kila mtu alishughulika na vyumba, na asubuhi ya pili watu wakakuta chai iko vidato 126 kutoka mapokezi. Ukihamishia chai chini, andika kwenye tangazo lile lile, kwa mstari wake wenyewe.

Alhamisi moja, karatasi tatu

Nikupe kisa cha baadaye, hoteli ile ile, nilipokuwa nimeshajifunza. Alhamisi tarehe 12 Juni, saa 1:20 asubuhi, lifti yetu pekee ilisimama ghorofa ya tatu, mlango wazi. Hakuna mtu ndani. Fundi alikuwa Tabata na foleni ya asubuhi mnaijua, akasema saa 3 atakuwa amefika. Saa 1:35 nikabandika hii:

> LIFTI IMEHARIBIKA
> Imeandikwa Alhamisi 12 Juni, saa 1:35 asubuhi (07:35)
> Ngazi: mlango wa kijivu, kulia kwa mapokezi. Vidato 18 kwa kila ghorofa.
> Mizigo: vijana wetu watakubebea bila malipo.
> Kama kupanda ni shida kwako, piga 0 au njoo mapokezi, tutakuhamishia chumba cha chini.
> Chai leo iko ukumbi wa chini, hadi saa 4 asubuhi (10:00).
> Fundi anafika saa 3 asubuhi (09:00). Saa 4 asubuhi (10:00) tutaandika hapa itakuwa tayari lini.
> Samahani.

Hakuna saa ya lifti kupona, kwa sababu sikuwa nayo. Kuna saa ya mimi kurudi.

Fundi alifika saa 3:15 akakuta mkanda wa mota ya mlango umekatika, ule mkanda wenye meno. Alidhani ataupata kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, na akasema saa 8 mchana kazi imekwisha. Saa 3:50, dakika kumi kabla ya ahadi yangu, karatasi ya pili ilikuwa ukutani. Juu mpaka chini ni ile ile, chai tu ilikuwa imeelekea mwisho wake, na mstari wa muda ukabadilika: "Mkanda wa mlango umekatika. Fundi ameenda kununua mwingine. Lifti itakuwa tayari leo Alhamisi 12 Juni, saa 10 jioni (16:00). Tukiona haitawezekana, tutabadilisha tangazo hili kabla ya saa 9 mchana (15:00)."

Ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyoniokoa. Saa 8:20 fundi alipiga simu kwamba mikanda yote aliyoipata ina idadi tofauti ya meno, na akifunga isiyo yake mlango utaruka na kugonga watu. Mkanda wenyewe ungeletwa na wakala Jumamosi. Saa 8:45 ikapanda karatasi ya tatu: "Mkanda unaofaa haukupatikana mjini leo. Unaletwa Jumamosi 14 Juni asubuhi. Lifti itakuwa tayari Jumamosi saa 10 jioni (16:00). Taarifa inayofuata: Jumamosi saa 6 mchana (12:00)." Ikafuatiwa na mstari wa chai ya Ijumaa na Jumamosi chini.

Wageni walikasirika? Wawili, ndiyo, na mmoja alihama. Lakini hakuna aliyekuja mapokezi saa 10 jioni na begi mkononi akidai lifti yake. Tangazo lililobadilika kabla ya saa kufika husomwa kama taarifa. Likibadilika baada ya saa kupita, watu huliona ni visingizio, hata maneno yakiwa yale yale.

Maneno

Kichwa kiseme jambo, kisiseme "Tangazo". Anayeona karatasi ukutani anajua ni tangazo. Andika "imeharibika" kama imeharibika, na "matengenezo" liache kwa sevisi iliyopangwa. Tukilitumia kwa vyote viwili, watu wanaacha kuliamini hata siku lilipo kweli.

Kama mna lifti mbili na imekufa moja, usiandike "lifti haifanyi kazi", utawapandisha watu ngazi bure. Andika: "Lifti ya kushoto imeharibika. Ya kulia inafanya kazi, inafika ghorofa zote. Saa 1 hadi saa 3 asubuhi (07:00 hadi 09:00) utasubiri kidogo."

Radhi iwe mstari mmoja, na iwe mwishoni, maana mgeni mwenye begi kichwani anatafuta ngazi kwanza. Ninapenda "samahani" kwa kosa letu, na "poleni" kwa ngazi watakazopanda. Ukiandika "poleni" peke yake unaongea kama jirani aliyepita, wakati lifti ni ya kwako. "Nje ya uwezo wetu" niliifuta kabisa. Mkanda hukatika ndiyo, lakini kuukagua ulikuwa ndani ya uwezo wetu.

Mahali pa kubandika

Karatasi hukaa pembeni, juu ya kitufe cha kuita lifti, kimo cha macho. Usiibandike kwenye mlango wenyewe, fundi akiujaribu itavutwa ndani na kuchanika. Kila ghorofa iwe na yake, kwa sababu mgeni wa ghorofa ya sita hasomi ukuta wa chini. Moja zaidi iwe mlango wa kuingilia, ili isomwe kabla bajaji haijaondoka na mizigo haijashushwa. Kwetu ilikuwa nane za ghorofa, chini pamoja na saba, na moja ya mlangoni: tisa. Niliziandika namba nyuma, 1 hadi 9.

Usichape upya kila mara. Chapa ile isiyobadilika, itie plastiki, acha nafasi tupu ya muda, na ujaze kwa kalamu ya ubao mweupe. Kubadilisha tisa kwa kitambaa kunachukua dakika kumi, nyingi zikiwa za kupanda ngazi. Mtu anayezibadilisha awe mmoja, vinginevyo ghorofa ya nne itasema Alhamisi na ya tano Jumamosi.

Wanaokuja leo wapelekee ujumbe wa WhatsApp kabla hawajatoka walipo: "Habari. Lifti yetu imeharibika, itakuwa tayari Jumamosi 14 Juni saa 10 jioni (16:00). Chumba chako kiko ghorofa ya 5. Ungependa tukuwekee cha ghorofa ya 1?" Swali hilo la mwisho ni jepesi kujibu akiwa bado kwenye basi Chalinze kuliko akiwa amesimama mbele yako na watoto.

Bwawa, jimu na vinginevyo

Kanuni ni zile zile, ila bwawa lina tabia yake: mara nyingi linafunguliwa kwa kipimo, saa peke yake haitoshi. Likifungwa kwa sababu dawa imetiwa nyingi, andika hivyo, na uandike lini mtapima: "Tutapima maji Jumapili saa 12 asubuhi (06:00). Yakiwa salama, bwawa litafunguliwa saa 1 (07:00)." Njia mbadala iwe ya kweli. Kama mmekubaliana na hoteli ya jirani, taja kama kiingilio mnalipa nyinyi au mgeni. Kumwambia mzazi mwenye mtoto wa miaka minne kwamba kuna Coco Beach si njia mbadala ya bwawa la watoto. Kama hamna mbadala, sema hakuna, na useme kama mnapunguza bei.

Mkanda ulifika ile Jumamosi saa 5 asubuhi. Fundi alifunga, lifti ikapanda na kushuka tupu kwa nusu saa, na saa 8 mchana tukaifungua, saa mbili kabla ya ahadi. Nilimtuma kijana akusanye karatasi. Akaleta nane. Namba 6, ya ghorofa ya tano, ilikosekana, naye akaapa ametoa zote. Jumapili asubuhi nikakutana na mgeni wa 502 anashuka ngazi, jasho linamtoka, ananiuliza kama mkanda umeshapatikana.